Ripoti ya Ijumaa: kuandika hatari ya mradi bila kupiga yowe

*"Shikamoo. Mimi ni afisa mradi hapa Tandahimba. Tunajenga ghala la korosho la kijiji, na kila Ijumaa ninamwandikia ripoti kiongozi wa mradi aliyeko Mtwara mjini. Mwezi Juni saruji ilipochelewa niliandika kwamba mradi uko hatarini, akanipigia simu kwa ukali kuwa ninawatia watu hofu. Tangu hapo nikapunguza maneno. Sasa malipo ya mabati yamekwama, na ananiuliza kwa nini sikumweleza wazi. Nimekuambatishia ripoti zote mbili pamoja na ratiba. Niandikeje?"*

Marahaba. Nimezisoma ripoti zote mbili, na ninaona kwamba zina kasoro moja ingawa kwa sura zinapingana. Ile ya Juni inasema: "Hali ya mradi ni tete sana. Saruji imechelewa, jambo linaloweza kusababisha mradi mzima kukwama, mfadhili kujiondoa na wananchi kupoteza imani. Hatua za haraka zinahitajika." Ile ya wiki iliyopita inasema: "Changamoto: taratibu za malipo ya mabati bado hazijakamilika. Ufuatiliaji unaendelea." Ya kwanza inapiga yowe na ya pili inanong'ona, lakini katika zote mbili kiongozi wako hawezi kujua jambo limechelewa kwa siku ngapi, linagusa kazi ipi, na yeye anatakiwa afanye nini kabla ya siku gani. Msomaji anayekosa kipimo hujitungia chake mwenyewe, na mara nyingi hujitungia kikubwa kuliko hali halisi, au hupuuza kabisa.

Itazame tena ile habari ya saruji. Kwa mujibu wa ratiba yako, saruji ilichelewa siku mbili, na mafundi walikuwa bado wana matofali ya kutosha na mchanga wa kuchekecha. Saruji yenyewe inatoka kiwandani hapo Msijute, kwa hiyo hata lori moja likiharibika, lingine linaweza kupakia kesho yake. Ucheleweshaji wa namna hiyo unastahili mstari mmoja katika sehemu ya kazi za wiki, wala haukustahili kuitwa hatari. Mabati ni habari nyingine. Yanakatwa kwa kipimo kiwandani Dar es Salaam, kiwanda hakianzi kukata kabla ya kupokea malipo ya awali, na baada ya hapo yanasafiri njia yote ya kusini hadi kwenu. Siku moja inayopotea katika mabati hairudi kwa urahisi. Kwa maneno mengine, uliandika kwa sauti kubwa pale palipokuwa na njia nyingi za kutokea, na kwa sauti ndogo pale palipobaki njia moja tu. Sauti ya ripoti inapaswa kupimwa kwa nafasi iliyobaki, na nafasi hiyo huhesabiwa. Haikisiwi kwa hisia za siku hiyo.

Tuhesabu basi, kwa kurudi nyuma kuanzia tarehe ya kukabidhi, kwa sababu ndiyo tarehe pekee ambayo kila mtu ameikubali. Ghala linatakiwa kukabidhiwa kwa chama cha ushirika cha wakulima, yaani AMCOS, Jumanne tarehe 30 Septemba ili liwe tayari kabla ya minada ya korosho, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Ukaguzi wa mhandisi wa halmashauri na marekebisho yatakayotokana nao umeutengea siku 10, yaani kuanzia tarehe 20 Septemba. Milango, rangi na umeme umevitengea wiki mbili, kwa hiyo vinaanza tarehe 6 Septemba. Kuezeka kunachukua siku 12, hivyo mafundi lazima waanze Jumatatu tarehe 25 Agosti, na mabati yawe yamefika tarehe 24. Kiwanda kinahitaji siku 14 za kukata na kuandaa mzigo, na siku 3 zinahitajika kwa kupakia, kusafirisha na kushusha. Ukitoa siku hizo 17 unafika tarehe 7 Agosti, Alhamisi, kuwa siku ya mwisho ambayo fedha zinaweza kuingia kiwandani bila kuisogeza tarehe ya kukabidhi.

Hapo ndipo watu wengi huishia, nao huishia mapema mno. Malipo hayatoki siku yanapoidhinishwa. Mwenyewe umeeleza kwamba, baada ya saini ya mwisho, ofisi ya fedha na benki huchukua siku 5 za kazi. Ukihesabu nyuma kutoka tarehe 7 Agosti, siku hizo ni tarehe 7, 6, 5, 4 na 1. Kwa hiyo saini inatakiwa iwepo Alhamisi tarehe 31 Julai. Na kuna jambo jingine ambalo ratiba haikuonyeshi, lakini mtu yeyote anayefanya kazi katika mikoa hii miwili analijua: tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, benki zimefungwa, na katika siku zinazoitangulia maofisa wengi wa Lindi na Mtwara wanakuwa kwenye maonesho ya Ngongo. Saini ambayo wiki hii inapatikana kwa kubisha mlango, wiki ijayo inaweza kuhitaji safari ya Lindi.

Leo ni Ijumaa tarehe 25 Julai. Ombi la malipo liliwasilishwa tarehe 14, na maombi ya namna hiyo kwenu kwa kawaida husainiwa ndani ya siku 5 za kazi. Hili limefikisha siku 9. Zimebaki siku 4 za kazi. Sasa tunacho kitu cha kuandika, na ningekiandika hivi:

> Tarehe ya kukabidhi: 30 Septemba, haijabadilika. Rangi: njano.
>
> Uamuzi unaohitajika kabla ya Alhamisi 31 Julai: kuidhinisha malipo ya awali ya mabati.
>
> Hatari ya 1, mabati kuchelewa. Ombi la malipo liliwasilishwa 14 Julai na bado linasubiri saini ya pili. Kwa kawaida hatua hii huchukua siku 5 za kazi, hadi leo zimefika 9. Likisainiwa kufikia 31 Julai, mabati yatafika 24 Agosti na ratiba itabaki kama ilivyo. Likisainiwa baada ya hapo, kukabidhi kutasogea kwa takriban idadi ileile ya siku, na AMCOS itaanza msimu kwa kutumia ghala la kijiji jirani. Wiki ya Nane Nane inaweza kufanya saini kuwa ngumu kupatikana. Tumekwisha kukamilisha viambatisho vyote, na kiwanda kimekubali kushikilia bei hadi 15 Agosti. Iwapo saini haitapatikana kwa wakati, njia mbadala ni kununua mabati ya mita 3 yaliyopo Mtwara mjini. Mchanganuo wa gharama utakufikia Jumanne. Mfuatiliaji: afisa mradi.

Soma maneno hayo ukitafuta neno la kutisha, hulioni. Hata hivyo, kiongozi atakayeyasoma hawezi kuiweka ripoti pembeni hadi Jumatatu ya wiki nyingine, kwa sababu ameona siku, ameona jambo analotakiwa kufanya, na ameona kitakachotokea asipolifanya. Uzito umebebwa na tarehe. Ukitaka kujipima kabla ya kutuma ripoti yoyote, futa kwa muda maneno kama "sana", "tete", "mbaya", "haraka" na "kubwa", kisha usome kilichobaki. Ikiwa kilichobaki bado kinamwambia msomaji la kufanya, maneno uliyofuta hayakuwa na kazi. Ikiwa hakimwambii kitu, basi yalikuwa yanaziba pengo la taarifa ambayo hukuwa nayo, na dawa yake ni kuitafuta hiyo taarifa.

Ningependa uangalie hasa pale niliposimamisha madhara. Nimesema kukabidhi kutasogea, na AMCOS itaanza msimu kwa kutumia ghala la jirani. Sikuendelea kusema kwamba wakulima watalipa zaidi kusafirisha, kisha watalalamika, kisha mfadhili atasikia, kisha atajiondoa. Kila hatua katika mnyororo huo inawezekana, lakini kila hatua pia inategemea mambo mengine yasiyo na uhusiano na mabati, na wewe huna ushahidi nayo. Kanuni ninayoitumia ni kuandika dhara la kwanza, ambalo linafuata moja kwa moja na linaweza kuhesabiwa, na la pili ikiwa linamgusa mtu ambaye kiongozi anawajibika kwake. La tatu ninaliacha. Ripoti yako ya Juni ilianzia kwenye dhara la tatu, na ndiyo sababu simu ilikuja kwa ukali: kiongozi alisoma habari ya mfadhili kujiondoa wakati kilichokuwa kimetokea ni lori kuchelewa siku mbili.

Jambo jingine katika aya ile ni kwamba sikuandika uwezekano kwa asilimia. Nimewahi kuletewa ripoti zenye "uwezekano asilimia 65", na nilipouliza zile asilimia zimetoka wapi, mwandishi alitabasamu. Kama huna kumbukumbu za miradi mingi inayofanana, namba ya namna hiyo ni hisia iliyovaa koti. Badala yake weka ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuuhakiki: kwa kawaida siku 5, sasa ni 9. Kiongozi anaifahamu ofisi yake. Akiona hesabu hiyo ataukadiria uwezekano mwenyewe, na huenda kwa usahihi kuliko wewe, kwa kuwa anajua kwamba mtia saini wa pili anasafiri Jumanne na wewe hujui.

Tuje kwenye rangi, maana fomu yenu ina kisanduku cha kijani, njano na nyekundu, na wewe umekuwa ukikijaza kwa jinsi unavyojisikia. Wiki nne mfululizo mabati yalikuwa kijani, ingawa tayari yalikuwa yanakula siku za akiba. Rangi ya namna hiyo ndiyo inayoleta mshtuko, kwa sababu siku inapobadilika inaruka kutoka kijani hadi nyekundu bila kupita katikati, na kiongozi anajiuliza kama ulikuwa unamficha. Mwombe mkae dakika chache mkubaliane maana ya kila rangi kwa siku, kisha muiandike chini ya fomu. Kwa mradi wa ukubwa wenu ningependekeza kijani iwe akiba ya zaidi ya siku 10 za kazi kabla ya tarehe ya mwisho ya uamuzi, njano iwe siku 10 au pungufu, na nyekundu iwe akiba imekwisha, yaani tarehe ya kukabidhi inasogea isipokuwa kiongozi achague njia mbadala. Mradi wa barabara wa miaka mitatu utahitaji vipimo vipana zaidi. Faida ya makubaliano hayo ni kwamba rangi inakoma kuwa kauli yako. Ukiandika nyekundu, hujasema "nimeogopa". Umesema kwamba akiba imefika sifuri, na yeyote anaweza kuhesabu.

Kwa kipimo hicho, hatari ya mabati ilitakiwa kuwa njano tangu Alhamisi tarehe 17 Julai, siku ambayo zilibaki siku 10 za kazi kufikia tarehe 31. Kiongozi wako angepata habari hiyo katika ripoti ya Ijumaa tarehe 18, wakati ombi lilikuwa bado ndani ya muda wake wa kawaida na hakuna mtu aliyekuwa amechelewa. Angalizo linaloandikwa wakati hakuna aliyekosea hupokelewa kwa utulivu. Likiandikwa wakati tayari kuna wa kulaumiwa, kila anayelisoma anatafuta kwanza kama jina lake limo.

Kuhusu majina, naona katika ripoti ya wiki iliyopita uliandika rasimu isemayo "mhasibu amekalia malipo", kisha ukaifuta. Ulifanya vizuri kuifuta, lakini ulichoweka mahali pake, yaani "taratibu bado hazijakamilika", kilificha pia mahali ambapo jambo limesimama. Andika hatua, usimwandike mtu: "linasubiri saini ya pili". Anayejua ofisi atajua ni mlango gani wa kugonga, na asiyejua hatapewa jina la kulisambaza. Ripoti ya kila wiki haikai kwa mtu mmoja. Kiongozi wako anaituma halmashauri, halmashauri inaipiga picha, na ikifika jioni imo katika kundi la WhatsApp la bodi ya ushirika. Andika kila sentensi ukijua kwamba yule inayemhusu ataisoma akiwa hayuko nawe chumbani. Zipo habari ambazo hazifai kuandikwa kwa njia yoyote ile, kama vile kwamba saini inacheleweshwa kwa sababu watu wawili hawasalimiani. Hizo kiongozi aambiwe kwa mdomo.

Kwa kweli, ningependa umpigie simu hata kwa habari inayoandikika. Hatari mpya ya njano, au yoyote inayogeuka kuwa nyekundu, imfikie kwa sauti kabla ya kumfikia kwa maandishi, hata kama ni nusu saa tu kabla. Sababu si adabu peke yake. Katika simu hiyo mara nyingi atakupa taarifa inayobadilisha unachotaka kuandika, na ripoti ikitoka itakuwa na hatua ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuichukua. Hata akiipeleka kwa wakubwa wake, anapeleka jambo analolisimamia.

Sasa wiki inayofuata, ambako ripoti nyingi huharibika. Tuseme saini ilipatikana Jumatano tarehe 30 Julai. Usiifute hatari kwa furaha. Ijumaa tarehe 1 Agosti andika: "Hatari ya 1, mabati kuchelewa. Malipo yaliidhinishwa 30 Julai; yanatarajiwa kufika kiwandani kufikia Jumatano 6 Agosti, akiba ni siku 1. Itafungwa kiwanda kitakapothibitisha kupokea fedha." Bado ni njano, kwa sababu siku moja si akiba ya kujivunia, lakini msomaji anaona mwelekeo. Wiki ya baadaye, uthibitisho ukiwepo, andika mstari mmoja kwamba imefungwa, na usafiri wa mzigo uuandike kama hatari ya pekee ikiwa una sababu ya kufanya hivyo. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika kwa mvua na Kimbunga Hidaya mwaka 2024, na wapo watakaokushauri kuiweka katika kila ripoti tangu hapo. Lakini hayo yalikuwa ya masika, mwanzoni mwa Mei. Agosti ni kiangazi huku kwetu, na kuorodhesha kukatika kwa barabara mwezi Agosti ni kuijaza karatasi. Kila hatari ya kujazia unayoiweka inaipunguzia ile ya kweli nafasi ya kusomwa. Mimi huishia hatari tatu kwenye ripoti ya wiki. Zilizobaki zinakaa kwenye daftari la hatari la mradi, na anayetaka kuziona anajua lilipo.

Tuseme kinyume chake, kwamba Ijumaa tarehe 1 Agosti saini haipo. Hapa wengi hurudia sentensi ya wiki iliyopita na kuongeza neno "bado", kana kwamba jambo ni lilelile. Si lilelile tena. Lililokuwa linaweza kutokea limetokea, na linahamia kutoka sehemu ya hatari kwenda sehemu ya matatizo, pamoja na hesabu mpya. Saini ikipatikana Jumatatu tarehe 4, siku 5 za kazi, ukiruka Nane Nane na mwisho wa wiki, zinaishia Jumanne tarehe 12. Siku 17 baadaye ni tarehe 29 Agosti. Ratiba yote inasogea siku 5, na kwa kuwa tarehe 5 Oktoba ni Jumapili, kukabidhi kunakuwa Jumatatu tarehe 6 Oktoba. Andika hivyo: "Tatizo la 1. Malipo ya mabati hayakuidhinishwa kufikia 31 Julai. Yakiidhinishwa 4 Agosti, ghala litakabidhiwa 6 Oktoba. Kwa mabati ya Mtwara mjini linaweza kukabidhiwa 30 Septemba kwa gharama iliyoainishwa katika mchanganuo wa Jumanne. Naomba uchague mojawapo kufikia Jumatatu mchana." Rangi ni nyekundu. Siku sita za kuchelewa zenye njia mbili za kuchagua ni habari ambayo kiongozi anaweza kuibeba mpaka kwa mwenyekiti wa bodi bila kupandisha sauti.

Hiyo njia mbadala uiandae kweli. Ukiahidi mchanganuo Jumanne, ufike Jumanne, hata kama unaonyesha kwamba njia yenyewe haifai. Mabati mafupi yanahitaji kupandishana kwenye maungio, kwa hiyo yatahitajika mengi zaidi, na kenchi zako zimepangwa kwa mabati marefu, jambo ambalo fundi mkuu lazima alitolee kauli kabla hujaweka tarehe. Njia mbadala iliyoandikwa ili ripoti ionekane ina matumaini ni mbaya kuliko kukosa njia, kwa kuwa kiongozi anaweza kuichagua.

Mpangilio wa ukurasa nao una sehemu yake, ingawa si jambo la kuandikia kurasa. Weka tarehe ya kukabidhi na rangi juu kabisa, kisha uamuzi unaohitajika, kisha hatari na matatizo, na mwisho kazi zilizofanyika. Ninyi mmeanza na kazi zilizofanyika, aya nne za kuta na linta, na hatari zimo mwishoni chini ya kichwa cha "Changamoto" pamoja na malalamiko ya posho na upungufu wa maji ya kumwagilia zege. Msomaji aliyechoka haendi huko. Na kichwa cha hatari kiwepo kila wiki, hata wiki ambayo utaandika tu "Hakuna mpya, ya 2 inaendelea bila mabadiliko." Sehemu inayojitokeza wakati wa mabaya peke yake inageuka kuwa king'ora kwa kule kuonekana kwake tu, kabla hata haijasomwa.

Kuna mambo ambayo utaratibu huu wote hauyahusu. Jukwaa la mafundi likitikisika, nondo zikipungua stoo, au mtu akikuomba usaini mzigo ambao hukuuona, usingojee Ijumaa wala usitafute maneno yaliyopimwa. Simamisha kazi inapobidi, piga simu saa hiyohiyo, kisha andika taarifa yake peke yake, yenye saa na mahali. Katika ripoti ya wiki jambo hilo litatajwa tu kwamba lilitolewa taarifa siku fulani.

Upo pia uwezekano kwamba kiongozi wako atakuambia hatari zisiandikwe kabisa kwenye ripoti inayokwenda halmashauri. Hilo si lazima liwe ovu. Viongozi wengine wanapendelea kuwa na siku moja ya kushughulikia jambo kabla halijaenea. Mpendekezee karatasi mbili: ripoti ya ukurasa mmoja yenye tarehe, rangi na kazi, na karatasi ya hatari na maamuzi inayokwenda kwake peke yake, kwa baruapepe, Ijumaa ileile. Sharti langu ni kwamba rangi ya ripoti ya nje iwe ileile ya karatasi ya ndani. Akikutaka uandike kijani nje na njano ndani, mkumbushe kwa heshima makubaliano ya siku za akiba yaliyo chini ya fomu, na umwombe, ikiwa anataka kuyabadilisha, ayabadilishe kwa maandishi kwa miradi yote. Kwa leo, tuma aya ile ya mabati kabla ofisi ya fedha haijafungwa, maana kati ya sasa na Alhamisi ipo Jumatatu moja tu.